Bamba duara lililobanwa ukingoni: kwa nini kanuni ya boriti hukadiria kupita kiasi

*Swali:* "Mwalimu, nimefunga mdomo wa tangi la majaribio kwa bamba la chuma la unene wa mm 10. Uwazi ni duara la kipenyo cha mm 400, na bamba limebanwa kati ya pete mbili nene kwa boliti 16. Kwa shinikizo la maji la baa 6 nilichukua ukanda mmoja katikati, nikautumia kama boriti iliyobanwa ncha zote mbili, nikapata mkazo wa MPa 480 na mnepo wa mm 2.4. Chuma chetu huanza kupinda bila kurudi kwenye MPa 250, kwa hiyo nilitarajia kibonyee kabisa. Lakini kipimo cha sindano kilisoma mm 1.1 tu katikati, na maji yalipoachiliwa kikarudi sifuri. Nimekosea wapi, na je, bamba hili ni salama?"

*Jibu:*

Ndugu yangu, hesabu yako haina kosa la tarakimu hata moja. Boriti ya urefu wa mm 400 na kimo cha mm 10, iliyobanwa ncha zote mbili na kubeba MPa 0.6 juu ya kila milimita ya upana wake, hupata kweli mkazo wa MPa 480 kwenye ncha na hunepa mm 2.4 katikati. Tatizo ni kwamba ukanda ulioukata kichwani mwako haukubeba peke yake maji yote yaliyo juu yake. Umeutenga na majirani zake, kisha ukautwisha mzigo wao. Ndani ya bamba zima, ukanda ule hubeba sehemu tatu tu kati ya nane za shinikizo, na sehemu hiyo inaweza kuonyeshwa kwa ukamilifu bila kukisia chochote. Nitaanza hapo, kwa sababu ukishaielewa utajua mwenyewe lini kanuni ya boriti inafaa na lini haifai.

Tuite nusu kipenyo cha uwazi a, unene h, shinikizo p, moduli ya Young E, na uwiano wa Poisson ν, ambao kwa chuma ni karibu 0.3. Ukakamavu wa bamba dhidi ya kupinda huandikwa D. Tangu Poisson alipolitatua tatizo la bamba duara mwaka 1829, umbo la bamba lililobanwa ukingoni na kusukumwa kwa shinikizo sawasawa linajulikana kwa ukamilifu:

```
D  = E h³ / [12 (1 − ν²)]
w  = w0 (1 − r²/a²)²
w0 = p a⁴ / (64 D)
```

Hapa w ni mnepo kwenye umbali r kutoka katikati, na w0 ni mnepo mkubwa kuliko yote, ulio katikati kabisa. Sasa rudi kwenye ukanda wako, lakini usichague ule wa katikati pekee. Chukua ukanda wowote ulionyooka unaovuka bamba, ulio umbali y kutoka kwenye kipenyo. Kwa kuwa uwazi ni duara, nusu urefu wa ukanda huo, tuuite c, unapatikana kwa c² = a² − y². Na kwa kuwa r² = x² + y², x ikiwa umbali kutoka katikati ya ukanda huo, tofauti a² − r² ni sawa na c² − x². Ukiingiza hayo katika umbo la bamba, na kuliweka kando ya umbo la boriti iliyobanwa ncha zote mbili yenye nusu urefu c na mzigo sawasawa q, utaona hivi:

```
bamba:   w = w0 (c² − x²)² / a⁴
boriti:  w = q (c² − x²)² / (24 D)
```

Maumbo haya mawili ni yale yale. Kila ukanda wa bamba, uwe mrefu wa katikati au mfupi wa karibu na ukingo, umepinda sawasawa kabisa na boriti iliyobanwa ncha zote mbili. Kwa hiyo wazo lako la kuutazama ukanda kama boriti lilikuwa zuri, na lina ukweli mwingi kuliko unavyoweza kudhani. Kilichokosewa ni q peke yake. Ukilinganisha mistari hiyo miwili unapata q = 24 D w0 / a⁴, na ukiweka thamani ya w0 inabaki q = (24/64) p, yaani 3/8 ya p. Urefu wa ukanda hauonekani tena mahali popote katika jibu, maana yake kila ukanda, popote ulipo, hubeba sehemu tatu kati ya nane za maji yaliyo juu yake.

Sehemu tano zilizobaki zimekwenda wapi? Tatu hubebwa na kanda zinazovuka bamba kwa upande wa pili, kwa pembe mraba na za kwanza, kwa sababu duara halina upande unaopendelewa. Mbili za mwisho hubebwa na msokoto. Fikiria mkeka uliofumwa kwa ukili unaopishana: kama bamba lingekuwa mkeka wa namna hiyo, pande mbili zingegawana mzigo wa katikati nusu kwa nusu na hadithi ingeishia hapo. Lakini bamba limeshikana. Ukanda mmoja hunepa zaidi kuliko jirani yake aliye karibu na ukingo, kwa hiyo kipande kidogo cha mraba kilicho baina yao hushuka pembe moja zaidi ya nyingine na kulazimika kujisokota. Chuma hukataa kusokotwa kama kinavyokataa kupindwa, na ukataaji huo hubeba robo nzima ya maji. Boriti iliyo peke yake haina jirani wa kuisokota, na ndiyo maana hesabu yako haikuweza kuiona robo hiyo.

Kutokana na hapo, mkazo unafuata bila taabu. Momenti kwenye ncha ya boriti ya nusu urefu a ni q a²/3, na katikati ni q a²/6. Weka 3/8 ya p badala ya q, na momenti ya ukingoni inakuwa p a²/8, ambayo ndiyo hasa momenti ya bamba. Katikati inakuwa p a²/16, lakini hapo kuna nyongeza moja. Katikati bamba limepinda pande zote mbili kwa kiasi kimoja, na kila mpindo huongeza kidogo momenti ya mwenzake kupitia uwiano wa Poisson, hivyo momenti kamili ni (1 + ν) p a²/16. Ukingoni nyongeza hiyo haipo, kwa sababu ukingo umebanwa na hauwezi kupinda kufuata mzingo wake. Mkazo kwenye uso wa bamba ni mara sita ya momenti ikigawanywa kwa h²:

```
ukingoni:  σ = 0.75 p a² / h²
katikati:  σ = (3/8)(1 + ν) p a² / h²
boriti:    σ = 2 p a² / h²
```

Ninakuomba uutazame mstari wa kwanza kwa makini. Hauna E wala ν. Mkazo mkubwa wa bamba lililobanwa vizuri ni ule ule kwa chuma, shaba au aluminiamu, ilimradi vipimo na shinikizo havibadiliki. Mnepo ndio unaotegemea metali, si mkazo.

Kwa bamba lako, a ni mm 200 na h ni mm 10, hivyo a²/h² ni 400. Mkazo wa ukingoni ni 0.75 × 0.6 × 400, yaani MPa 180, na wa katikati ni MPa 117. Kwa E ya MPa 200,000, D inakuwa karibu milioni 18.3 kwa N·mm, na mnepo wa katikati ni mm 0.82. Mkazo wako wa MPa 480 ni mara 8/3 ya MPa 180, sawasawa na nilivyoeleza. Mnepo wako wa mm 2.4 ni mara 2.93 ya mm 0.82, si mara 2.67, na tofauti hiyo ndogo ina sababu: ulitumia ukakamavu wa fito huru, ambayo inapopinda hutanuka kwa ubavu upande mmoja na kusinyaa upande wa pili. Ndani ya bamba majirani huuzuia ukanda usifanye hivyo, na kizuizi hicho huuongezea ukakamavu kwa 1/(1 − ν²), yaani takribani asilimia 10.

Basi kutorudi kulikokutia wasiwasi hakukutokea kwa sababu bamba halikufika karibu na MPa 480. Lakini hapa ndipo ninapotaka ukae nami zaidi, kwa sababu kipimo chako hakikusoma mm 0.82. Kilisoma mm 1.1, ambayo ni zaidi kwa theluthi moja. Watu wengi wangefurahi kwamba 1.1 iko mbali na 2.4 na karibu na 0.82, wakafunga daftari. Mimi nisingelifunga, kwa kuwa ziada hiyo inaweza kuwa na maana mbili zinazotofautiana sana kuhusu usalama.

Maana ya kwanza ni kwamba ukingo haukubanwa kikamilifu. Kanuni zote za hapo juu zinadai kwamba kwenye mdomo wa pete bamba halina mteremko hata kidogo. Pete halisi hupinda kidogo, boliti hurefuka kidogo, na gasketi laini ikiwa chini ya bamba huliruhusu lizunguke ukingoni. Upande wa mbali kabisa wa hali hiyo ni bamba lililokalia tu pete bila kubanwa, ambalo kwa vipimo vyako lingenepa mm 3.34, zaidi ya mara nne ya lililobanwa, na mkazo wake mkubwa ungehamia katikati na kuwa MPa 297. Bamba lako liko baina ya hali hizo mbili. Kwa kuwa momenti ya ukingoni iliyo sawa pande zote hupunguza mnepo kwa uwiano ulionyooka, unaweza kusoma kiasi cha mbano moja kwa moja: kutoka mm 3.34 hadi mm 0.82 kuna mm 2.52, na wewe umeshuka mm 2.24 kati ya hizo. Ukingo wako basi unatoa asilimia 89 ya momenti ya ukingo kamili. Mkazo wake ni MPa 160, si 180.

Je, mkazo uliopungua ukingoni umepotea? Haukupotea, umehamia katikati. Momenti sawa ya ukingoni huongeza au kupunguza momenti kwa kiasi kimoja katika bamba lote, kwa hiyo ukijumlisha mkazo wa ukingoni na wa katikati, bila kujali alama, jumla haibadiliki: 180 na 117 ni 297, na bamba lililokalia tu lina 0 na 297. Kwako wewe, ukiondoa 160 kutoka 297, katikati kuna MPa 137. Kulegea kidogo kwa ukingo kwa kweli kunalisaidia bamba, kwa sababu kunausawazisha mkazo. Hali iliyo nzuri kuliko zote ingekuwa MPa 148.5 kila mahali, na hupatikana ukingo unapotoa takribani asilimia 82 ya momenti yake. Kulegea kupita hapo ndiko kunakodhuru, na dhara lenyewe huonekana katikati, si ukingoni ambako macho ya fundi huelekea.

Maana ya pili ya mm 1.1 ni kwamba bamba si la mm 10. Mnepo hufuata unene ukipandishwa mara tatu, hivyo upungufu mdogo hujionyesha haraka. Bamba lililoliwa na kutu, au lililosagwa ili kulainisha uso wake, likibaki na mm 9.06 tu, litanepa mm 1.1 hata kama ukingo wake umebanwa kikamilifu. Lakini katika hali hiyo mkazo wa ukingoni ni MPa 219, si 160. Kipimo kimoja cha sindano, usomaji mmoja, na tofauti ya karibu MPa 60 katika mkazo unaotuhusu. Ndiyo maana siwezi kukujibu kuhusu usalama kwa usomaji wa katikati peke yake, na ningekuomba wewe pia usikubali jibu la namna hiyo kutoka kwa mtu yeyote.

Kuzitenganisha maana hizo mbili si kazi kubwa. Kwanza pima unene kwa maikromita katika sehemu kadhaa za ukingo, kisha, kama chuo kina kipimo cha unene cha mawimbi ya sauti, pima katikati pia, kwa sababu kutu haili bamba sawasawa. Pili, weka kipimo cha sindano cha pili kwenye nusu ya nusu kipenyo, yaani mm 100 kutoka katikati. Bamba lililobanwa kikamilifu hunepa hapo 9/16 ya mnepo wa katikati, na sehemu hiyo haibadiliki kwa sababu ya unene wala metali, kwa kuwa ni suala la umbo tu. Ukiwa na mm 1.1 katikati, utasoma mm 0.62. Kama ukingo ndio uliolegea hadi asilimia 89, umbo limenyooka zaidi karibu na ukingo na utasoma mm 0.67. Tofauti ni mm 0.05, nayo ni migawanyo mitano ya kipimo kinachosoma mia moja ya milimita. Inaonekana vizuri, ilimradi usomaji wako ni safi.

Usafi wa usomaji unategemea hasa mahali ulipokisimamisha kipimo. Kama mguu wake ulikuwa sakafuni au kwenye fremu ya tangi, ulipima mnepo wa bamba pamoja na kusogea kwa tangi lote maji yalipoingia, na sehemu ya mm 1.1 huenda si ya bamba kabisa. Mguu ukae juu ya pete ya nje yenyewe. Kaza boliti zote kwa mtindo wa kuvuka, moja na ile inayoelekeana nayo, ujaze maji huku hewa ikitoka kwenye sehemu ya juu kabisa, upandishe shinikizo hadi baa 0.5 na kulishusha mara moja au mbili ili kila kitu kikae mahali pake, ndipo uweke sifuri. Hewa iliyobaki ndani haibadilishi mkazo, lakini huhifadhi nguvu nyingi kuliko maji, na kama bamba au boliti itaachia, nguvu hiyo itamfikia aliye mbele yake. Tafadhali usisimame mbele ya bamba unaposoma.

Baada ya hapo usipande hadi baa 6 kwa mkupuo mmoja. Panda kwa hatua za baa 1, uandike usomaji kila hatua, kisha ushuke kwa hatua zile zile. Kwa bamba lako kila baa inapaswa kuongeza karibu mm 0.18. Ukichora shinikizo dhidi ya mnepo na mstari ukabaki umenyooka kupanda na kushuka, bamba liko katika hali ya kunyumbuka na kurudi, na kanuni zangu zinahusika. Kama kila baa inaongeza mnepo mkubwa kuliko baa iliyotangulia, kitu kinaachia: ama ukingo unateleza au kuzunguka, ama chuma kimeanza kukubali, yaani kupinda bila kurudi. Ukiona hivyo simama na ushuke. Kurudi sifuri ulikokuona ni dalili njema, ila kumbuka kwamba mkazo wa ukingoni ni wa eneo jembamba sana. Kwa sehemu moja ya kumi tu ya nusu kipenyo kuelekea ndani, yaani mm 20 kutoka kwenye pete, MPa 180 imeshashuka hadi takribani 124, na kwenye 0.63 ya nusu kipenyo mkazo wa mhimili wa nusu kipenyo ni sifuri. Kwa hiyo uso wa ukingoni unaweza kuanza kukubali katika mzingo mwembamba na kipimo cha katikati kisionyeshe zaidi ya mia moja au mbili za milimita.

Kuna jambo moja ambalo kipimo cha pili hakitalitenganisha, nami sitaki likupite. Kama pete zimefunguka kidogo kwenye mdomo wao wa ndani, bamba halishikwi mm 200 kutoka katikati bali nyuma zaidi, kuelekea boliti. Umbo litafanana na la ukingo uliolegea, kwa maana kwenye mm 100 utasoma karibu mm 0.67 vilevile. Lakini duara lililokua hadi nusu kipenyo cha mm 215 na kubanwa huko lina mkazo wa takribani MPa 208. Chukua jani jembamba la kupimia nafasi, lile ambalo mafundi wa magari hutumia kwenye vali, ujaribu kulipenyeza kati ya pete ya nje na bamba pande zote za mdomo, kwanza bila shinikizo na kisha kwenye baa 1, ukisimama kando. Jani la mm 0.05 likiingia, pete haishiki mahali unapodhani.

Sasa kuhusu usalama. Kama unene ni mm 10 kweli, kama usomaji kwenye mm 100 ni karibu 0.67, na kama jani haliingii, basi mkazo mkubwa ni MPa 160 dhidi ya MPa 250, na kwa jaribio la maji la baa 6 ningeliruhusu bamba hilo. Mimi hupenda kubaki chini ya theluthi mbili za mkazo wa kuanza kukubali, ambazo hapa ni MPa 167, na wewe uko ndani ya mpaka huo kwa nafasi ndogo. Kama unene umethibitika kuwa mm 9, nisingeliruhusu kwa baa 6. Ningeshusha hadi baa 4, ambapo mkazo wa ukingoni ungekuwa karibu MPa 148, au ningetafuta bamba la mm 12, ambalo kwa baa 6 hupata MPa 125 tu na hunepa mm 0.47. Mkazo hupungua kwa mraba wa unene na mnepo kwa kipeo cha tatu, hivyo milimita mbili za ziada ni msaada mkubwa kwa gharama ndogo.

Umesema "bamba" bila kutaja kama mtatumia pia mabati membamba katika tangi hilo, lakini vijana wa maabara mara nyingi huhamia huko, kwa hiyo nikuonye kuhusu mpaka wa kanuni hizi. Zinadhani kwamba bamba linapinda bila kunyooshwa. Mnepo wako wa mm 1.1 ni karibu asilimia 11 ya unene, na hapo dhana hiyo ni salama. Bamba likinepa zaidi ya nusu ya unene wake, uso wake wa kati huanza kuvutwa kama ngozi ya ngoma, na mvuto huo hubeba sehemu ya maji. Kwa ukingo usioweza kuingia ndani, makadirio yanayotumika sana kwa chuma ni haya:

```
w/h + 0.488 (w/h)³ = p a⁴ / (64 D h)
```

Chukua bati la mm 3 kwenye mdomo ule ule na shinikizo la baa 0.6 tu. Kanuni ya kawaida husema mnepo ni mm 3.03, kidogo zaidi ya unene wenyewe, ilhali mlinganyo huu unatoa mm 2.34. Mchoro wako wa shinikizo dhidi ya mnepo ungeonyesha hivyo kwa kupinda kuelekea upande wa ugumu: kila hatua ya shinikizo ingeongeza mnepo mdogo kuliko iliyotangulia. Usichanganye mpindo huo na ule wa kuachia niliokuonya hapo juu, kwa kuwa pande zao ni kinyume. Upande wa pili, kwa bamba nene sana, mkato wa ndani ya chuma huongeza mnepo ambao kanuni haiuhesabu. Kwa kipenyo kilicho mara 40 ya unene, kama lako, nyongeza hiyo ni takribani asilimia 1 na unaweza kuisahau. Kwa kipenyo cha mara 10 inafika karibu asilimia 18, na huwezi.

Na boriti yako uitumie lini? Kama uwazi ungekuwa mstatili mrefu, tuseme mm 400 kwa mm 2000, kanda fupi za sehemu ya katikati zisingekuwa na msaada wowote wa maana kutoka upande wa pili, wala msokoto, na hesabu uliyoifanya, ikitumia D badala ya ukakamavu wa fito huru, ingekuwa sahihi karibu kabisa, yaani MPa 480 na mm 2.18. Kadiri mstatili unavyofupika kuelekea mraba, majirani wanarudi kubeba sehemu yao. Ukiniandikia tena, nitumie unene uliopima kwa maikromita na safu mbili za usomaji, wa katikati na wa mm 100, kwa kila baa. Kwa namba hizo nitaweza kukuambia mkazo wa ukingo wako.